Mbona jua halipatwi kila mwezi?

"Kama ni mwezi tu unapita mbele ya jua, si lingepatwa kila mwezi ukiwa mpya?"

Hapana ndugu yangu, njia ya mwezi imeinama kama digrii 5 hivi ukilinganisha na njia ya dunia kuzunguka jua, kwa hiyo mara nyingi kivuli chake kinapita juu au chini ya dunia, hakitugusi kabisa. Ni kama mara mbili kwa mwaka, zikipishana karibu miezi 6, ndo jua, mwezi na dunia vinakaa kwenye mstari. Mwaka 2016 kivuli kilipita Indonesia tarehe 9 Machi, halafu 1 Septemba kikaja kwetu Rujewa kule Mbarali, na coz mwezi ulikuwa mbali kidogo haukulifunika jua lote, ikabaki pete ya moto, hata chini ya miti mwanga ukadondoka vipete vipete.