Hitilafu si kosa: sehemu ya mjadala katika ripoti ya kalorimetria

Katika ripoti za maabara ninazosahihisha, sentensi moja hujirudia kana kwamba wanafunzi wameirithishana: "Jibu letu lilitofautiana na la kitabu kwa sababu ya makosa ya kibinadamu." Baada yake huja ushauri wa kuwa makini zaidi siku nyingine, na mjadala unaishia hapo.

Kwa ufupi, hitilafu katika kipimo ni tofauti kati ya thamani iliyopatikana na thamani inayokubalika. Asilimia ya hitilafu ni tofauti hiyo ikigawanywa kwa thamani inayokubalika, kisha ikazidishwa kwa 100.

Neno lenyewe linatosha kutuonya. Hitilafu imetokana na Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni kutofautiana, na Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo katika kitenzi "kuhitilafiana": watu wawili wanaweza kuhitilafiana bila yeyote kati yao kuwa na hatia. Kosa ni ndugu wa kitenzi "kukosa", yaani kulenga na usipate. Aliyemwaga asidi kidogo mezani, au aliyesoma 27 akaandika 72, amefanya kosa, na dawa yake ni kurudia jaribio. Hitilafu hubaki hata pale kila hatua ilipofuatwa barabara, kwa kuwa imo ndani ya vifaa na njia ya upimaji. Mjadala huandikwa kwa ajili ya hiyo inayobaki.

Tuchukue jaribio la kupima joto linalotolewa kwa kila moli ya maji inayoundwa, kwa kuchanganya sentimita za ujazo 50 za asidi hidrokloriki na 50 za hidroksidi ya sodiamu, zote zikiwa na ukolezi wa moli 1.0 kwa lita, ndani ya kikombe cha polistirini kisicho na kifuniko. Halijoto imepanda kwa digrii 6.2. Kwa `q = mcΔT`, tukichukua gramu 100 za mchanganyiko na 4.18 kama joto mahususi la maji, joto lililopimwa ni juli 2,592. Maji yaliyoundwa ni moli 0.050, hivyo jibu ni kilojuli 51.8 kwa moli. Kitabu kimetoa 57.3, na asilimia ya hitilafu inakuwa 9.6.

Swali la kwanza ni kama kipimajoto peke yake kinaweza kubeba pengo hilo. Ikiwa kila usomaji una shaka ya digrii 0.1 juu au chini, kusoma mara mbili, kabla na baada ya kuchanganya, kunaleta shaka ya 0.2, ambayo ni takriban asilimia 3 ya 6.2. Asilimia 3 haiwezi kuelezea 9.6, kwa hiyo ipo sababu nyingine. Lakini kama kila usomaji ungekuwa na shaka ya digrii 0.5, shaka ingefika asilimia 16, na mwanafunzi asingekuwa na haki ya kulaumu chochote zaidi ya kipimajoto chake. Asilimia ya hitilafu na asilimia ya shaka ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakoniudhi kuliko hata hayo makosa ya kibinadamu.

Swali la pili ni mwelekeo. Jibu letu ni dogo kuliko la kitabu, na joto lililopotelea hewani, au lililoingia katika kikombe na kipimajoto bila kuhesabiwa, hupunguza jibu. Maelezo yanaafikiana na namba. Nimewahi kusoma ripoti iliyopata 61 na bado ikalaumu upotevu wa joto. Joto likipotea, jibu haliongezeki.

Maboresho nayo yafuate sababu iliyotajwa. Kurudia jaribio mara tatu na kutafuta wastani hupunguza kuyumba kwa usomaji, ila joto litapotea mara zote tatu kwa upande uleule. Kinachofaa ni kifuniko, pamoja na kusoma halijoto kila baada ya sekunde 30 kabla na baada ya kuchanganya, kisha kuchora grafu na kurefusha mstari wa kupoa kurudi nyuma hadi dakika ya kuchanganya. Tuseme mstari huo unatoa ongezeko la digrii 6.6: jibu linakuwa 55.2 na hitilafu inashuka hadi asilimia 3.7. Sehemu ya pengo lililosalia inaweza kuwa joto la kikombe na kipimajoto, ambalo grafu hairudishi, lakini sasa pengo limekaribia mno shaka ya usomaji kiasi cha kutodai kwa uhakika.

Kwa hiyo ile sentensi ya mwanzo ningeomba iandikwe hivi: "Jibu letu ni dogo kwa asilimia 9.6, zaidi ya shaka ya kipimajoto ambayo ni asilimia 3. Huenda sababu kubwa ni joto lililopotea kwenye kikombe kisicho na kifuniko." Na kama kweli mtu alimwaga asidi, aseme aliimwaga, kisha arudie jaribio kabla ya kuandika mjadala.