Je, wajua kwa nini valvu iliyonyamaza ni ya kuogopwa kuliko inayogonga?

"Pikipiki yangu ni ya Kichina, injini ya CG 125. Napiga boda Masasi kwenda Newala. Tangu msimu wa korosho uishe inagonga tik-tik-tik juu kwenye hedi, na ikishapata moto kiki inakuwa nyepesi, haiwaki mpaka ipoe. Fundi kaniambia cheni ya taimingi imelegea, ninunue mpya. Ni kweli?"

Hiyo cheni usiinunue, ndugu yangu, maana injini ya CG haina cheni ya taimingi. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 waliiweka kamshafti chini, karibu na krenki, inazungushwa na gia. Kutoka hapo zinapanda fito mbili za chuma, mafundi wanaziita pushirodi, zinakwenda kusukuma roka juu ya hedi, na roka ndizo zinazokandamiza valvu. Injini nyingi za Kichina zinazoitwa CG zimefuata mpango huohuo. Ukitaka kuhakikisha ya kwako, chungulia nyuma ya silinda. Injini yenye cheni huwa na kikazio cha cheni kimefungwa pale kwa bolti. Usipokiona, mlio wako unatafutwa kwenye tapeti kwanza.

Kati ya ncha ya roka na mkia wa valvu lazima pabaki upenyo. Kwenye CG125 upenyo huo ni milimita 0.08, valvu ya kuingiza na ya kutoa moshi sawasawa, na hupimwa injini ikiwa baridi. Ukizidi, roka inaufikia mkia wa valvu kwa kishindo badala ya kuugusa polepole, ndiyo hiyo tik-tik. Injini ikizunguka mara 1400 kwa dakika kwenye sailensa, kila valvu inafunguka mara 700 tu, kwa sababu kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krenki. Kwa hiyo mlio wa tapeti huwa mwepesi na wa mwendo wa chini kuliko unavyotarajia. Shika bisibisi ndefu, ncha yake kwenye kifuniko cha roka, mpini sikioni, utausikia ukigonga wazi.

Lakini mlio huo si ndio unaoizima pikipiki yako ikipata moto. Valvu ya kutoa moshi hupata ahueni pale tu inapokaa kwenye kiti chake, maana joto lake kubwa linapitia hapo kuingia kwenye hedi. Ukibeba magunia ya korosho kupanda kwenda Newala kwa gia ndogo, ile valvu inachemka na kupigwapigwa hadi inazama kidogo kidogo kwenye kiti. Ikizama, mkia wake unapanda kuifuata roka na upenyo unaliwa. Kinachofuata hakisikiki hata kidogo. Ikipata moto inarefuka, roka inaizuia isifunge vizuri, kompresheni inavuja na kiki inakuwa nyepesi. Ikipoa inajirudi, pikipiki inawaka. Usiposhughulika nayo, moshi wa moto unapenya pembezoni mwa valvu hadi inaungua ukingo.

Sasa tuipime. Fanya asubuhi, pikipiki imelala usiku kucha. Maelekezo ya Honda ni injini iwe chini ya nyuzi joto 35, na kwa jua la kwetu kusini, chuma kilichoegeshwa nje saa saba mchana kinaipita hiyo hata kama hujaiwasha. Pulizia vumbi lote juu ya hedi kabla ya kufungua, maana mchanga ukidondoka ndani umejitafutia kazi nyingine. Toa plagi ili injini izunguke kirahisi, weka nyutro, fungua kifuniko cha roka, kisha kifuniko cha magneti upande wa kushoto.

Zungusha magneti kwa spana kinyume cha saa, macho kwenye valvu ya kuingiza, ile ya upande wa kabureta. Itashuka, itapanda. Ikishapanda endelea taratibu mpaka mstari wenye herufi T ulingane na alama kwenye bodi ya injini. Kuna F pia, usiichanganye: hiyo ni ya muda wa moto wa plagi. Hapo pistoni iko juu kabisa na valvu zote zimefunga. Shika kila roka, itikise, lazima ichezecheze kidogo. Zikikaza zote mbili, uko kwenye mzunguko usio wake. Zungusha duara moja zima, uirudie T. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaseti tapeti valvu ikiwa imesukumwa, kisha wanashangaa injini haiwaki kabisa.

Ingiza fila geji ya 0.08. Inatakiwa ipite huku ikikwaruzana kidogo. Kama huna fila, wembe wa kawaida wa kunyolea una unene wa karibu 0.10: ukipita kirahisi, upenyo umezidi. Kwa kukagua haraka unatosha, kwa kuseti hautoshi.

Kwa dalili ulizonieleza, natarajia ukute hivi: kwenye valvu ya kuingiza hata 0.15 inapita, huyo ndiye mwenye kelele. Kwenye ya kutoa moshi hata 0.04 haiingii, huyo kimya ndiye anayekuzimia pikipiki njiani. Fundi anayefuata mlio tu ataikaza ile ya kwanza, kelele itakwisha, utamlipa, na kesho ukifika juu ya kilima kiki itakuwa nyepesi vilevile.

Kuseti ni hivi: shikilia skrubu ya tapeti isizunguke, legeza nati yake, rekebisha huku fila ya 0.08 ikiwa ndani, kisha kaza nati bila kuiachia skrubu. Pima tena baada ya kukaza, kwa kuwa nati ikikaza hupenda kuizungusha skrubu pamoja nayo. Zungusha injini duara mbili, rudi kwenye T, pima mara ya mwisho.

Ukishafunga na bado inagonga, tazama oili kwanza. Ikiwa pungufu, roka hazipati mafuta ya kutosha. Kisha angalia ncha ya roka. Ikichimbika kishimo, fila inakaa juu ya kingo zake, inakusomea 0.08 wakati upenyo halisi ni mkubwa zaidi, na hapo utaseti hadi uchoke bila mlio kuondoka. Roka hiyo ni ya kubadilisha. Pia kagua pale ekzosi inapoungana na hedi: gasketi ikivuja, moshi hutoka kwa vipigo vinavyofanana sana na tapeti, ila huacha masizi meusi kwenye maungio.

Na ile valvu ya moshi, andika tarehe uliyoiseti na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Ipime tena baada ya kilomita elfu moja hivi. Ukikuta 0.08 imebaki 0.08, endelea na kazi. Ukikuta imebana tena, usiiseti tu na kuondoka: kiti kinaliwa au valvu imeanza kuungua, na hedi inabidi ishuke ili valvu isagwe, au ibadilishwe kama ukingo wake umeshakonda.