Mwanafunzi Anapoongoza Kikao cha Wazazi

"Mtoto akiongoza kikao mwenyewe, si atatuonyesha kazi nzuri tu na kuficha udhaifu wake?"

Hilo hutokea pale mkoba wa kazi, yaani mkusanyo wa kazi ambazo mtoto huwaonyesha wazazi kikaoni, unapojazwa kazi safi pekee. Mkoba ulioandaliwa vyema huwa na rasimu ya kwanza ya insha pamoja na nakala ya mwisho, na jaribio la hesabu lenye makosa yake, yote yakiwa yamepitiwa na mwalimu mapema. Mtoto anapomwonyesha mzazi kwamba alipata 2/5 kwa kujumlisha 1/2 na 1/3 kwa sababu alijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, udhaifu umetajwa kwa usahihi ambao alama pekee haiwezi kuufikia. Kutokana na kosa hilo huzaliwa lengo linalokagulika: "Nitatafuta asili ya pamoja kabla ya kujumlisha," wala si "Nitajitahidi."