Vina vya bure: soneti ya Du Bellay na neno "kwetu"

Mwezi uliopita nimeletewa tena mswada wa soneti za Kifaransa kwa Kiswahili, na barua ya mfasiri imebeba sentensi ninayoijua kwa moyo: "Kwa upande wa vina sikupata shida, maana Kiswahili kila neno huishia irabu." Nimeisikia darasani, nimeisikia kwenye warsha, sasa imenifuata hadi kwenye barua pepe. Naomba niijibu mara moja, kwa mfano mmoja, taratibu.

Kwanza, kina si irabu. Kina ni silabi. "Baba" na "kaka" zote zinaishia a, na hakuna mtunzi atakayekubali kuwa zina kina kimoja. Hilo halihitaji maneno mengi. Lakini hata tukilirekebisha, imani yenyewe inabaki na sura ya ukweli, na hapo ndipo inaponikera. Sarufi yetu kweli inagawa silabi za mwisho kwa ukarimu. Tia -ni ya mahali kwenye nomino nne, una beti. Geuza vitenzi vinne viwe vya kutendwa, una -wa nne. Mswada nilioletewa ulikuwa na soneti nzima ambayo mishororo yake minane ya mwanzo iliishia -ni: mjini, moyoni, njiani, nyumbani. Kina kimepatikana, ndiyo. Kimefanya kazi gani? Hakuna. Msomaji wa Kiswahili akiona -ni ya tatu ameshajua ya nne, na sikio lake limelala.

Mfaransa hakuweka vina pale ili mishororo ifanane mikia. Tuchukue soneti ya 31 katika diwani ya Joachim du Bellay iliyotoka mwaka 1558, ile inayoanza kwa kumsifu aliyesafiri vyema kama Ulise kisha akarudi kwao. Du Bellay alikaa Roma tangu 1553 hadi 1557, katibu wa kardinali wa ukoo wake, na alichoka. Katika beti mbili za mwanzo, zenye mishororo minne minne, anauliza lini ataona tena moshi wa kijiji chake. Katika beti mbili za mwisho, zenye mishororo mitatu mitatu, anapambanisha kwao na Roma, kitu kwa kitu: nyumba ya mababu na majumba ya kifalme, paa la nyumbani na marumaru, mto Luara na mto Tiberi, kijiji cha Lire na kilima cha Palatini.

Sasa mizani. Mshororo wake una silabi 12, pumziko baada ya ya sita. Wengi hudhani uaminifu ni kuleta 12 kwa 12. Jaribuni. "Heri aliyesafiri" tayari ni mizani 8, na bado Ulise hajatokea. Ukimleta, "Heri aliyesafiri kama Ulise", umefika 13 na safari yenyewe haijasemwa kuwa ilikuwa njema. Kifaransa kimeyasema yote hayo ndani ya 12, kwa sababu viambishi vyetu vinakaa ndani ya neno na kila kimoja kinadai mizani yake. Anayeng'ang'ania 12 analazimika kutupa neno moja katika kila mshororo, na kwa mishororo 14 hayo ni maneno 14. Mimi hutumia 16, nane ukwapi na nane utao. Si kwa sababu ndiyo bahari niliyolelewa nayo. Ni kwa sababu pumziko la katikati linabaki, na katika soneti hii pumziko hilo ndiyo mizani ya dukani: huku kwao, huku Roma.

Hivyo: "Heri aliyesafiri, vyema mithili Ulise." Nane na nane. Nimekula "ya" baada ya mithili, na inkisari hiyo sikio letu linaipokea.

Moshi usinisumbue sana. Nimeona watu wakihangaika kutafuta dohani kwa ajili ya bomba la moshi la nyumba ya Kifaransa. Moshi wenyewe ndio muhimu, kwa kuwa ndiyo tamaa ya Ulise katika utenzi wa Homeri: kuona tu moshi ukipanda kutoka nchi yake. Andika moshi, acha dohani, songa mbele.

Nataka kukaa kwenye mishororo sita ya mwisho. Rasimu yangu ya kwanza ilijengwa juu ya kina cha -ngu. Nilifurahi sana nilipokiona. Du Bellay anarudia "yangu" kila mahali: kijiji changu, nyumba yangu, mto wangu. Kwa Kifaransa kimilikishi hutangulia nomino na hakiwezi kuwa kina. Kwetu hufuata, kwa hiyo kinaangukia mwisho wa kipande chenyewe: changu, yangu, wangu. Sarufi ikanipa kina ambacho ndicho hisia ya shairi. Nilikaa na rasimu hiyo wiki mbili.

Kisha nikaisoma kwa sauti, na haikuwa ya Mswahili. Mtu aliye ugenini miaka minne hasemi "kwangu". Kwangu ni chumba alichopanga. Mahali walipozikwa babu zake ni kwetu, hata akiwa peke yake duniani. Kifaransa kina kimilikishi kimoja kwa yote mawili, nasi tunatenganisha. Uaminifu kwa neno ulikuwa -ngu, na uaminifu kwa mtu anayesema ulikuwa -tu. Nikaibomoa.

Hiki ndicho nilichonacho sasa:

Bora makazi ya kale, waliyojenga wahenga,
Kuliko jumba la Roma, lenye paji la kuringa,
Na kuliko marumaru, vigae vyembamba vyetu;

Bora Luara wa kwetu, kuliko Tiberi wao,
Bora Lire ndogo yetu, na si Palatini yao,
Kuliko hewa ya pwani, upole wa Anju kwetu.

Mtasema: wao na yao, vyetu na kwetu, si vilevile vina vya sarufi ulivyovilaani? Ndivyo. Tofauti ni mahali vilipokaa. Katika asili, mshororo wa tatu unaishia *fine*, wembamba wa jiwe la paa la kwao, na wa sita unaishia *angevine*, yaani wa Anju, jimbo lake. Wa nne na wa tano unaishia *latin* na *Palatin*, vya Roma vyote. Anapoanza na kwao anaishia Roma, na mara mbili, kwenye mshororo wa tatu na wa sita, anageuza: anaanza na Roma au bahari na kumalizia kwao. Hiyo mishororo miwili ndiyo aliyoifunga kwa kina kimoja. Kina chake kinamrudisha nyumbani.

Kwa hiyo -tu yangu inatembea. Katika mshororo wa nne na wa tano ni kina cha kati, mwisho wa ukwapi, na utao unaachiwa -o ya wale wengine. Katika wa tatu na wa sita inahamia mwisho. Mfasiri anayeandika "bora hiki kuliko kile" mara zote, kwa kuwa ndivyo Kiswahili kinavyopenda kulinganisha, ataishia Roma kila mshororo, na shairi litafungwa kwa hewa ya bahari badala ya Anju. Maneno yote yatakuwa sahihi. Mtu atakuwa hajarudi kwao. Ndiyo maana nimekubali "kuliko" itangulie na "bora" idondoke katika mishororo hiyo miwili, ingawa inamlazimu msomaji kuibeba kutoka juu.

Gharama ziko wazi. "Ya kale" imeingia kujaza mizani, ingawa wahenga wanaibeba. Marumaru imepoteza ugumu wake, na ugumu huo ulikuwa unapingana na wembamba. Jiwe la paa la Anju ni jiwe jeusi linalopasuliwa vipande vyembamba, na vigae vyetu ni udongo wa kuchoma. Niliulizwa kwa nini nisiandike makuti. Kwa sababu makuti yangeihamisha Lire hadi Bagamoyo, na mtu huyu analilia Lire.

"Na si Palatini" inanisumbua zaidi. Asili inalinganisha tu, haikatai. Ningeandika "kuliko kilima chao", mizani nane safi na maana sawasawa, lakini jina lingepotea, na Palatini ndicho kilima cha makasri ya makaisari. Kijiji kimoja kidogo kupimwa na kilima hicho ndiyo jeuri yote ya mshororo. "Kuliko Palatini yao" ni tisa. Nimechagua jina na nimeongeza ukali ambao Du Bellay hakuuweka. Siku nyingine nadhani nimekosea.

Na hewa ya pwani. Kwake upepo wa bahari ni wa ugenini. Kwa msomaji wangu wa Mombasa au Pemba, ndio unaomkumbusha kwao kuliko kitu chochote. Hapo mizani haisaidii, wala kina. Nikiandika "bahari" tatizo ni lilelile. Nimeacha neno lilivyo na kutegemea "kuliko" limzuie, bila uhakika kwamba linatosha.

Du Bellay mwenyewe, katika kitabu chake cha 1549 cha kuitetea lugha ya Kifaransa, aliwaonya watu wasifasiri washairi. Mwaka 1552 akatoa tafsiri yake ya kitabu cha nne cha Eneidi, utenzi wa Vergili. Huwa naikumbuka miaka hiyo miwili ninapokwama kwenye neno la mwisho, kama nilivyokwama sasa. Nimeandika "upole". Upole ni tabia ya mtu. "Utamu" ni wa ulimi. Neno la hali ya hewa tulivu tunalo, uanana, kama upepo mwanana, na ndilo sahihi kuliko yote. Lakini "uanana wa Anju kwetu" ni mizani tisa. Nikila "wa", nabaki na "uanana Anju kwetu", nane kamili, na "kwetu" inaanza kusomeka kama mahali: uanana ulioko Anju, kwetu. Naipenda. Mwenzangu mmoja anayetunga tangu utotoni kaisoma mara tatu na kusema sentensi imevunjika mguu. Rasimu zote mbili ziko mezani.