Nyama za paja zikichanika, achana kwanza na sufuria ya maji ya moto

Mi ni fizio, na Jumatatu kwangu ndo siku ya mapaja, maana wikendi watu wanacheza ndondo na mabonanza, mtu hajakimbia wiki nzima afu dakika ya ishirini anafukuzia mpira wa mbele, anasikia kitu kama kamba imekatika nyuma ya paja. Ninayetaka kumwelezea leo ni kijana wa miaka 26, fundi wa kuchomelea, winga wa timu ya mtaani kwao, aliumia Jumamosi jioni na kwangu akafika Jumatatu mchana akiwa anachechemea na paja limejaa.

Nikamuuliza umefanya nini tangu juzi. Akasema, "Dokta, usiku ule ule mama alinikanda na maji ya moto ya chumvi, afu mjomba akanichua na ile dawa inayowaka, nikalala vizuri tu, ila asubuhi paja likawa kubwa na linapwita." Mama yake alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa. Nikamwambia mama usijisikie vibaya, maji ya moto ni dawa nzuri kweli, kwa mgongo uliokaza, kwa shingo iliyolaliwa vibaya, kwa maumivu ya siku nyingi, na huko ndiko wazazi wetu walikojifunza kwamba joto linasaidia. Hapa ugonjwa ni mwingine.

Msuli ukichanika, nyuzi zake zinakatika pamoja na vimishipa vidogo vya damu vinavyopita katikati yake, kwahiyo ndani kuna damu inavuja hata kama nje huoni kitu. Baada ya saa kadhaa vile vimishipa vinajiziba vyenyewe, lakini kile kizibo ni kichanga sana. Sasa ukileta joto mishipa inatanuka, ukileta dole gumba la mjomba kizibo kinang'oka, damu inaanza upya. Ndo maana paja la huyu kijana lilipwita asubuhi. Kwahiyo saa 48 mpaka 72 za mwanzo hamna maji ya moto, hamna kuchua, hamna dawa ya kuwaka, na pombe pia iache.

Barafu sasa. Wengi mnadhani barafu inaponya, hapana, kazi yake kubwa ni kutuliza maumivu. Ule utaratibu wa pumzika, barafu, bana, inua mguu juu ulienezwa na daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe akaandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza hata kuchelewesha kupona, kwa sababu ule uvimbe ndo unaoleta chembe za kusafisha nyuzi zilizokufa. Mi bado naitumia siku mbili za kwanza kwa mtu mwenye maumivu makali, kwa kipimo. Nunua ile barafu ya pakiti, ipondeponde, izungushie kitambaa kilicholowa, iweke dakika 10 mpaka 15 basi, ukihitaji tena subiri saa mbili au tatu. Kwenye dakika ya tano funua uangalie ngozi, ikiwa nyeupe au imekuwa ngumu ondoa hapo hapo. Usilale nayo, nimeshaona lengelenge la barafu kwenye paja na ni kidonda kama cha moto tu. Mwenye selimundu asiweke kabisa, baridi inaweza kumwamshia maumivu ya mwili mzima, na mwenye kisukari ambaye ngozi imekufa ganzi asiweke pia kwa sababu hatajua inamuunguza. Na usiweke barafu ili urudi uwanjani, maana maumivu yakizimwa hujui tena unachana nini.

Huyu kijana siku ile ya pili nilimfunga bandeji ya kuvuta kuanzia juu ya goti kupanda juu, ya kubana kidogo tu, vidole vya mguu vikifa ganzi anailegeza, na nikamwambia akikaa mguu uwe juu ya mto. Kazini asiende mpaka Jumatano.

Hapo ndo anapokuja mtu wa aina ya pili, anayesikia neno pumzika akalala kitandani wiki nzima. Huyo naye anajiumiza. Kuanzia kama siku ya tatu mwili unaanza kushona pale palipochanika kwa kovu, na kovu lisipovutwa kidogo kidogo linajipanga ovyo na kuwa gumu, huku msuli wenyewe unanywea. Denmark mwaka 2017 walitoa matokeo ya wanamichezo 50 wa ridhaa waliochanika paja au kigimbi, nusu wakaanza mazoezi siku 2 baada ya kuumia na nusu siku 9, wa kwanza walirudi michezoni kwa wastani wa siku 62 na nusu, wa pili siku 83. Yaani wiki moja ya kulala iligharimu karibu wiki tatu.

Kwahiyo Jumatatu ile ile tulianza. Alilala chali, akawa anaburuza kisigino kuelekea makalio taratibu na kukirudisha, mara 10, afu nyumbani arudie asubuhi, mchana na jioni. Kanuni niliyompa ni kwamba maumivu akiyapa namba kutoka sifuri mpaka kumi yasizidi tatu, na asubuhi ya kesho yake yasiwe yameongezeka kuliko jana. Yakiongezeka hujaharibu kitu kikubwa, punguza nusu. Jumanne tukaongeza kukandamiza kisigino kwenye godoro goti likiwa limekunjwa kidogo, anahesabu sekunde 5 anaachia, mara 10. Kutembea ndani ya nyumba kwa hatua fupi ruksa. Kujinyoosha kwa kushika vidole vya miguu ndo nilimkataza, kila mtu anataka kujaribu, na pale ndo unavuta mshono ambao bado mbichi.

Jumatano usiku akanipigia, "Dokta, saivi kuna weusi umeshuka mpaka nyuma ya goti, si nimechanika tena?" Hapana, ile ni damu ya Jumamosi inashuka kwa uzito wake na inatoka siku kadhaa baadaye, maumivu yasipopanda haina shida. Alhamisi uvimbe ulikuwa umetulia na paja halina joto, ndo nikamruhusu mama arudi na taulo lake la uvuguvugu, dakika 15 kabla ya zoezi ili msuli ulegee, bila kuchua, na Ijumaa akaanza kuinua makalio akiwa amelala chali kwa miguu yote miwili. Ila kama paja lako halikuchanika bali uligongwa na goti la mtu kwa mbele, hilo joto na kuchua kaa navyo mbali zaidi ya hapo, msuli uliopondwa ukichuliwa mapema unaweza kuota mfupa ndani.

Siku ya saba alikuwa anatembea bila kuchechemea, hajakimbia hata hatua moja, na mechi aliirudia wiki ya saba.

Wa kwenda hospitali siku hiyo hiyo ni yule asiyeweza kupiga hata hatua nne, au ukipapasa unakuta shimo kwenye msuli, au maumivu yako juu kabisa kwenye mfupa wa kukalia hasa kwa vijana wa sekondari ambao msuli unaweza kung'oka na kipande cha mfupa, au mguu umekufa ganzi, au paja linazidi kujaa na kukaza mpaka dawa ya maumivu haifanyi kazi. Na kigimbi kikivimba, kikawa cha moto na kinauma hata umekaa, siku kadhaa baadaye, nenda pia, inawezekana ni damu imeganda kwenye mshipa, na hapo usikubali mtu yeyote akichue.