Kwa nini mizani hubadili uzito wako ndani ya lifti?

Nikisimama juu ya mizani ndani ya lifti, mshale unaruka juu lifti ikianza kupanda, halafu unashuka chini ya kawaida ikikaribia kusimama. Mwili ni uleule, sijala wala sijakonda. Kwa nini?

Kwa sababu mizani haiujui uzito wako. Inachojua ni jinsi springi yake ilivyobanwa, basi. Ukifungua mizani ya mshale, zile za kukanyaga zinazowekwa kando ya barabara watu wapime uzito kwa malipo kidogo, utakuta ndani mna vyuma vya wenzo vinavyobeba bamba la juu, springi moja nene, na meno madogo yanayozungusha mshale au sahani ya namba. Wewe unakandamiza bamba, springi inanyooka au kubanwa, namba inasogea. Aliyeitengeneza alichora namba hizo akiamini kwamba mizani itakaa sakafuni, pahali palipotulia. Ukiipeleka kwenye sakafu inayobadili mwendo, namba ni zilezile ila maana yake imebadilika.

Ukiwa umesimama kimya, dunia inakuvuta chini na mizani inakusukuma juu kwa nguvu ileile. Ndiyo maana huzami wala huruki. Sasa lifti inaanza kupanda. Sekunde moja iliyopita ulikuwa huendi popote, na sasa inabidi mwili wako wote upate mwendo wa kwenda juu. Mwendo huo hauji wenyewe. Lazima kitu kikusukume, na kitu pekee kinachokugusa kutoka chini ni bamba la mizani. Kwa hiyo linakusukuma zaidi ya kiasi cha kukubeba tu, na springi inabanwa zaidi.

Tuchukue mtu wa kilo 60. Dunia huvuta kila kilo ya mwili wake kwa nyutoni 9.8, kwa hiyo jumla ni nyutoni 588. Tuseme lifti inaongeza mwendo wa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde, kiwango cha kawaida kwa lifti nyingi za majengo. Ili kila kilo ichapuke kiasi hicho inahitaji nyutoni 1 ya ziada, na kwa kilo 60 hizo ni nyutoni 60. Mizani sasa inabeba 588 na 60, yaani 648. Ila mshale hausomi nyutoni, unasoma kilo: 648 ukigawa kwa 9.8 unapata 66.1. Mtu wetu ameongezeka kilo sita bila kula chochote.

Lifti ikishafikia mwendo wake, mshale unarudi 60 na kutulia hapo, hata kama mnapita ghorofa ya tano, ya sita na ya saba kwa kasi. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanadhani kupanda kunaongeza uzito na kushuka kunaupunguza. Sivyo. Kupanda kwenyewe hakufanyi kitu. Kinachofanya kazi ni mwendo kubadilika. Abiria wa daladala anajua hili mgongoni mwake: gari likiondoka anabanwa kwenye kiti, likishika mwendo mmoja anakaa raha, dereva akikanyaga breki anapepesuka mbele. Lifti ni safari ya namna hiyohiyo, ila imesimamishwa wima.

Ikikaribia ghorofa ya kushukia, lifti inapunguza mwendo. Wewe bado una mwendo wa kupaa, na lazima uishe. Nani anaumaliza? Si mizani, maana mizani haiwezi kukuvuta chini, inajua kusukuma tu. Anayeumaliza ni dunia, ambayo muda wote haijaacha kukuvuta. Sakafu inalegeza tu msukumo wake kidogo ili mvuto wa dunia ushinde kwa tofauti hiyo. Kwa hesabu ileile, 588 ukitoa 60 inabaki 528, na mshale unasoma kilo 53.9. Ule wepesi wa tumboni unaousikia wakati huo ni viungo vya ndani navyo vikibebwa kwa nguvu pungufu.

Wakati wa kushuka, mpangilio unageuka: unakuwa mwepesi lifti ikianza kuondoka, na mzito ikisimama chini. Kwa hiyo mshale ukionyesha 66 peke yake, huwezi kujua kama lifti inaanza kupanda au inamaliza kushuka. Kwa mizani hali hizo mbili ni kitu kimoja, kwani zote mbili zinakusukuma juu zaidi ya kawaida.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, usichukue mizani ya betri yenye namba za kioo. Nyingi husubiri mtu atulie, hupiga wastani, kisha hugandisha namba moja. Tukio lenyewe ni fupi mno kwake: lifti yenye mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, ikichapuka kwa kiwango tulichotumia, inafika mwendo huo kwa sekunde moja na nusu. Chukua ya mshale, panda juu yake kabla mlango haujafungwa, soma namba ya kwanza, kisha rekodi mshale kwa simu. Usikunje magoti wala usiinue mikono, kwani hata hayo hutikisa mshale na utadhani ni lifti. Lifti ya kizee inayoondoka taratibu inaweza kukupa kilo tatu tu, na hiyo nayo ni habari: kwa mtu wa kilo 60, kilo 3 za ziada ni mchapuko wa karibu nusu ya mita kwa sekunde katika kila sekunde. Mizani imegeuka kipimo cha lifti.

Halafu kuna mizani isiyodanganyika. Ingia na ile ya muuza duka wa zamani, yenye sahani mbili na mawe. Weka sukari upande mmoja na jiwe la kilo moja upande wa pili, vilingane. Lifti ipande, ishuke, isimame ghafla: mkono wa mizani utabaki sawa. Sukari inazidi kuwa nzito, na jiwe nalo linazidi kwa kiasi kilekile. Mizani hiyo inalinganisha tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe, na tungamo haibadiliki kwa sababu ya safari.

Lakini hata hiyo ina mahali inaposhindwa. Chukulia lifti inayoanguka bila kizuizi chochote, jambo ambalo breki zinazokamata reli zake zimewekwa kulizuia. Mizani inaanguka sawasawa na wewe, hivyo huikandamizi hata kidogo, na mshale unakaa sifuri. Mawe na sukari navyo vinaelea, havina cha kulinganisha. Wanaanga walio kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita kama 400 juu yetu, wanaishi katika hali hiyo kila siku. Mvuto wa dunia huko bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa kwetu, ila kituo chao kinaanguka daima kikiizunguka dunia. Wanapotaka kujua kama wamekonda, hawasimami juu ya kitu chochote. Wanajishikiza kwenye kifaa chenye springi, kinawabembeza, na muda wa kila bembeo unahesabiwa: mwili wenye tungamo kubwa hubembea polepole zaidi.