Urefu wa mkufu: kidani kitaangukia wapi?

Mkufu ukiuzwa kuwa wa sentimita 45, hicho ni kipimo chake ukiwa umenyooshwa mezani, kutoka ncha hadi ncha. Hakisemi utaishia wapi kifuani. Hilo hutegemea shingo ya mvaaji, kisha kidani, yaani kile kipambo kinachoning'inia katikati, kinashuka zaidi ya hapo.

Kuna hesabu ya kukadiria. Pima mzunguko wa shingo pale chini inapokutana na mabega, utoe kwenye urefu wa mkufu, kisha ugawe kwa mbili.

Mpwa wangu alikuwa anajiandaa kwa kwanjula yake, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa familia ya bibi harusi, na mimi ndiye shangazi wa kumpeleka mbele ya wageni. Shingo yake ni sentimita 36. Mkufu wake wa 45 ulishuka kama sentimita nne na nusu chini ya kishimo cha koo, na kidani cha sentimita tatu kikaufikisha saba na nusu. Ukingo wa shingo ya gomesi yake, gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda, ulikuwa sentimita saba chini ya kishimo hicho. Kidani kikakaa sehemu kubwa kwenye ngozi, ncha yake kwenye kitambaa, na kila akigeuka kilinasa kwenye ukingo. Hiyo ndiyo dalili ya urefu usiofaa: mtu anashika mkufu wake kila dakika. Tukachukua wa sentimita 40. Ulishuka mbili, na kidani kikaishia tano, kikabaki na nafasi ya ngozi chini yake.

Shingo ya gomesi ni ya mraba, ina vifungo viwili upande wa kushoto, na mabega yake yamechongoka. Tayari kuna mengi hapo, kwa hiyo mimi napenda kidani kidogo, cha duara au tone, kisichozidi sentimita tatu. Kikubwa pia ni kizito: kwenye mnyororo mwembamba huuvuta ukapinda kama herufi V, au chenyewe kikageuka mgongo.

Mkufu mrefu, wa 60 au 70, una mahali pake: juu ya gauni lisilo na urembo na lililofunga hadi kooni. Mwanamke mrefu huubeba vizuri. Kwa mwenye kimo kama sentimita 155, kidani kikubwa kinachoshuka hivyo kifuani huvuta macho chini na kumfupisha. Mwenye kifua kikubwa atakuta kidani hakilali, kinaning'inia hewani.

Lakini kwenye kwanjula hata mrefu nisingemvalisha huo. Bibi harusi hupiga magoti kuwasalimu wageni, na akiinama mkufu mrefu unatangulia mbele na kuyumba usoni pa mzee anayesalimiwa. Kabla ya kununua, funga uzi wa urefu uleule shingoni, ning'iniza ufunguo badala ya kidani, kisha piga magoti mbele ya kioo.